Insulini Hupitia Wapi Kabla ya Kufika Kwenye Damu

Ukila sahani ya wali au ugali, sukari katika damu huanza kupanda muda mfupi baadaye, na kongosho hujibu ndani ya dakika chache kwa kumwaga insulini. Lakini insulini hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mlo huo. Tangu seli inapounganisha asidi amino ya kwanza hadi homoni iwe kamili, hupita saa moja na zaidi. Baada ya hapo sehemu kubwa ya homoni hukaa akiba kwa saa nyingi, na nyingine kwa siku kadhaa. Insulini inayoshughulikia chakula chako cha mchana wa leo huenda ilitengenezwa jana au juzi.

Makala haya yanaeleza kinachofanyika ndani ya saa hiyo moja. Katika muda huo protini hupita sehemu mbili za seli ambazo wanafunzi wa sekondari hukariri majina yake kwa ajili ya mtihani: retikulamu ya endoplazimu yenye mkwaruzo, na mwili wa Golgi. Ya kwanza ni mtandao wa mifuko bapa iliyoungana, unaoanzia kwenye utando wa kiini na kusambaa ndani ya seli. Una mkwaruzo kwa sababu upande wake wa nje umejaa ribosomu, yaani chembe zinazounganisha asidi amino kuwa protini. Kwa ufupi tutauita mtandao. Ya pili, Golgi, ni vifuko bapa vilivyopangana kimoja juu ya kingine, mara nyingi karibu na kiini.

Insulini hupita kwanza kwenye mtandao, kisha kwenye Golgi, na mpangilio huo haugeuzwi. Kasoro katika hatua ya kwanza inaweza kumpa mtoto mchanga kisukari. Kasoro katika hatua za mwisho huacha alama nyingine kabisa katika damu. Ndiyo maana kipimo cha damu kinaweza kumweleza daktari mambo yanayotokea ndani ya seli ambazo mkono wake haufiki.

Njia ilivyofuatiliwa

Mwaka 1898 daktari Mwitaliano Camillo Golgi, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Pavia, aliona kitu kama wavu mweusi ndani ya seli za neva za bundi alizozitia rangi kwa dawa yenye madini ya fedha. Kwa nusu karne wanasayansi wengi walidhani wavu huo ulikuwa uchafu ulioletwa na dawa yenyewe. Ubishi huo ulimalizwa na hadubini ya elektroni katika miaka ya 1950, pale vifuko vilipoonekana waziwazi.

Kuviona kulikuwa jambo moja, na kujua kazi yake lilikuwa jingine. Picha ya hadubini huonyesha seli iliyokwisha kufa na kukaushwa, kwa hiyo haisemi kitu gani kilikuwa kinaelekea wapi. George Palade, mzaliwa wa Romania aliyefanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, alitafuta namna ya kuuona mwendo wenyewe. Mwaka 1967 yeye na mwenzake James Jamieson walieleza majaribio waliyofanya kwa kongosho la simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa sana katika maabara.

Walikata vipande vyembamba vya kongosho na kuviweka kwa dakika 3 tu katika maji yenye asidi amino iliyotiwa mionzi. Kisha waliiondoa na kuweka asidi amino ya kawaida. Kwa hiyo protini zilizotengenezwa ndani ya zile dakika 3 ndizo pekee zilizobeba mionzi, na mionzi hiyo iliacha madoa kwenye picha kuonyesha zilipo. Walipochunguza vipande mwishoni mwa dakika 3, madoa yalikuwa kwenye mtandao wenye mkwaruzo. Dakika chache baadaye yalikuwa yamefika pembezoni mwa Golgi. Baada ya kama nusu saa yalikuwa katika vifuko vikubwa vinavyojitenga kutoka Golgi, na baada ya takriban saa 2 yalikuwa katika chembe za akiba zilizo karibu na ukingo wa seli.

Seli walizochunguza zilikuwa zile zinazotengeneza vimeng'enya vya kumeng'enya chakula, na si zile za insulini, ambazo ni chache zaidi katika kongosho. Hata hivyo njia iligundulika kuwa ileile. Mwaka 1974 Palade alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Albert Claude na Christian de Duve.

Asidi amino 24 za mwanzo

Insulini hutengenezwa na seli beta, zilizo katika makundi madogo yaliyotapakaa ndani ya kongosho yanayoitwa visiwa vya Langerhans. Ndani ya kila seli beta, jeni ya insulini hunakiliwa katika kiini, na nakala hiyo hutoka nje ya kiini kwenda kusomwa na ribosomu.

Hapa ndipo swali la kwanza linapozuka. Ribosomu huanza kusoma nakala ikiwa huru katika ute wa seli, haijashika mtandao wala kitu kingine chochote. Ribosomu zinazotengeneza protini za kubaki ndani ya seli ni hizohizo, hazina tofauti. Seli inajuaje kwamba protini hii ni ya kupelekwa nje?

Jibu limo katika protini yenyewe. Mnyororo kamili unaotokana na jeni ya insulini una asidi amino 110, na 24 za mwanzo si sehemu ya homoni. Hizo ni kitambulisho. Katikati ya kitambulisho hicho kuna asidi amino zinazokwepa maji na kupenda mafuta. Mara tu kipande hicho kinapochomoza kutoka kwenye ribosomu, hukamatwa na chembe maalumu inayozunguka katika ute wa seli. Chembe hiyo husimamisha usomaji kwa muda, huivuta ribosomu pamoja na mnyororo wake mfupi hadi kwenye utando wa mtandao, na kuifunga juu ya tundu jembamba. Usomaji huendelea, na sasa kila asidi amino inayoongezwa huusukuma mnyororo kupitia tunduni hadi ndani ya mtandao.

Kwa hiyo mkwaruzo tunaouona katika picha ni ribosomu zilizofika pale zikiwa kazini. Nakala ikiisha, ribosomu huachia na kurudi kwenye ute wa seli. Mtafiti Günter Blobel, aliyefanya kazi palepale Rockefeller, ndiye aliyeonyesha kwamba protini hubeba anwani yake yenyewe katika mpangilio wa asidi amino zake, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1999.

Mnyororo ukiwa bado unaingia, kimeng'enya kilicho katika utando hukata zile asidi amino 24. Kitambulisho kimeshafanya kazi yake. Zinabaki 86, na umbo hilo linaitwa proinsulini.

Njia 15, sahihi ni moja

Proinsulini inapoingia kwenye mtandao ni mnyororo mlegevu usioweza kufanya kazi yoyote. Uwezo wa protini hutokana na umbo lake, na umbo la insulini hushikiliwa na viungo vitatu vya salfa. Kila kiungo huunganisha asidi amino mbili za aina ya sisteini, ambazo zina salfa. Proinsulini ina sisteini 6.

Tuhesabu pamoja. Sisteini ya kwanza inaweza kuungana na yoyote kati ya 5 zilizobaki. Zikishaungana hizo mbili, ya pili inayofuata ina chaguo 3, na mbili za mwisho hazina chaguo ila kushikana. Mara 5 kwa 3 ni 15. Kuna njia 15 za kuunganisha sisteini 6 kwa jozi, na kati ya hizo ni moja tu inayotoa insulini inayofanya kazi.

Kazi hiyo haiwezi kufanyika katika ute wa kawaida wa seli, kwa sababu kemia ya mle hufungua viungo vya salfa mara vinapotokea. Ndani ya mtandao hali ni tofauti: kemia yake inaviruhusu viungo hivyo kufunga. Humo pia mna protini wasaidizi. Baadhi hushika sehemu za mnyororo zinazokwepa maji ili zisigandamane na za jirani. Nyingine hufungua viungo vilivyofungwa vibaya na kuvipa nafasi ya kufungwa upya, hadi jozi sahihi zipatikane.

Umbo la proinsulini lenyewe nalo linasaidia. Insulini kamili ina minyororo miwili: mmoja una asidi amino 21, mwingine 30. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba seli hutengeneza minyororo hiyo mbalimbali kisha huiunganisha. Mwaka 1967 Donald Steiner wa Chuo Kikuu cha Chicago, akichunguza uvimbe wa kongosho la mgonjwa uliokuwa ukitoa insulini, alionyesha kwamba seli huanza na molekuli moja kubwa zaidi. Minyororo yote miwili imo ndani ya mnyororo mmoja, na kati yake kuna kipande kingine chenye asidi amino 31 kinachoitwa peptidi C.

Fundi wa ujenzi ataelewa haraka kazi ya kipande hicho. Kabla ya kumimina zege la nguzo hupigwa mbao za kulizuia lisitawanyike; zege likishakauka mbao hubanduliwa, na nguzo husimama yenyewe. Peptidi C huishikilia minyororo miwili ikiwa karibu na imeelekeana vizuri, hadi viungo vya salfa vifunge. Baada ya hapo hukatwa, na viungo hubaki vikiishikilia homoni. Ila hukatwa baadaye sana, wala si ndani ya mtandao.

Proinsulini ambayo haijakunjwa vizuri hairuhusiwi kuondoka. Wasaidizi huendelea kuishika, na ikishindikana kabisa hurudishwa kwenye ute wa seli na kuvunjwavunjwa. Iliyokunjwa sawasawa hukusanywa mahali ambapo utando wa mtandao hufura na kujikata kuwa kifuko kidogo. Kifuko hicho huelea hadi Golgi, utando wake huungana na utando wa huko, na shehena huingia.

Kazi ya Golgi

Rundo la Golgi lina upande wa kupokea, unaotazama mtandao, na upande wa kutoa, unaotazama nje ya seli. Protini huingia kwa upande mmoja na kupita hatua kwa hatua hadi mwingine, na kila hatua ina vimeng'enya vyake.

Kwa protini nyingi kazi kubwa ya Golgi ni kurekebisha minyororo ya sukari iliyopachikwa juu yake. Insulini haina sukari hizo, lakini kila mtu anabeba mfano wake katika kundi lake la damu. Seli changa za damu katika uboho bado zina Golgi, na humo kimeng'enya hukamilisha vimnyororo vya sukari vitakavyokaa juu ya seli. Mtu wa kundi A ana kimeng'enya kinachoongeza sukari ya aina moja mwishoni mwa kimnyororo. Wa kundi B anaongeza sukari ya aina nyingine. Wa AB ana vimeng'enya vyote viwili. Wa kundi O hana kinachofanya kazi, na mara nyingi sababu ni herufi moja tu iliyokosekana katika jeni, hivyo vimnyororo vyake hubaki bila nyongeza hiyo. Damu ya kundi lisilofaa inaweza kumuua mgonjwa kwa sababu ya sukari hiyo moja iliyoongezwa ndani ya Golgi.

Turudi kwenye proinsulini. Ikifika upande wa kutoa, huamuliwa itoke kwa njia gani. Seli zina njia mbili. Baadhi ya protini hutoka mfululizo kadiri zinavyotengenezwa. Hivyo ndivyo seli za kinga zinavyomwaga kingamwili. Nyingine hupakiwa katika chembe za akiba na kusubiri ishara. Proinsulini hufuata njia ya pili. Molekuli zake hujikusanya sita sita kwa msaada wa madini ya zinki, zikasongamana, na utando wa Golgi ukazizunguka na kujitenga nazo kuwa chembe changa.

Ndani ya chembe hiyo changa ndipo mkato wenyewe unapokamilika. Pampu zilizo katika utando huingiza asidi, na hali hiyo pamoja na madini ya kalisi huamsha vimeng'enya viwili vya kukata. Kila upande wa peptidi C una asidi amino mbili zinazotumika kama alama ya mahali pa kukata. Vimeng'enya hukata pale, kimeng'enya cha tatu huondoa asidi amino za alama zilizobaki, na peptidi C huachia. Hesabu inakubali: 30 za mnyororo mmoja, 31 za peptidi C, 21 za mnyororo mwingine na 4 za alama hufanya zile 86.

Kwa nini seli hungoja hadi hapa? Kwa sababu mkato ukifanyika mapema, kabla viungo vya salfa havijafunga, minyororo miwili ingeachana. Vilevile insulini iliyokwisha kukatwa huganda na zinki kuwa fuwele ngumu, ambayo huhifadhika vizuri katika chembe ya akiba lakini isingeweza kusafiri kupitia vifuko vya njiani. Asidi ndiyo inayotunza ratiba. Vimeng'enya vya kukata huingia mtandaoni na kupita njia ileile na proinsulini, lakini havianzi kazi hadi vifike penye asidi ya kutosha.

Seli beta moja ina takriban chembe 10,000 za akiba. Sukari ya damu inapopanda, glukosi huingia katika seli na kuchomwa ili kutoa nishati. Nishati hiyo hufunga milango ya potasiamu katika utando wa nje, umeme wa utando hubadilika, kalisi huingia, na chembe zilizo karibu kabisa na utando huungana nao na kumwaga shehena yake. Ni sehemu ndogo tu ya akiba inayotoka kwa mlo mmoja, na ndiyo sababu jibu huja haraka ingawa matengenezo ni ya polepole.

Kosa moja katika jeni moja

Umuhimu wa ukunjaji ndani ya mtandao ulidhihirishwa na panya wa maabara waliogunduliwa Akita, Japani, katika miaka ya 1990. Panya hao walipata kisukari wakiwa wachanga, bila kunenepa na bila kinga ya mwili kushambulia kongosho. Sababu ilikuwa herufi moja katika jeni ya insulini, iliyoweka asidi amino nyingine mahali pa sisteini mojawapo. Sisteini iliyopaswa kuungana nayo ikakosa mwenzake.

La kushangaza ni hesabu yake. Panya ana jeni mbili za insulini, na kila jeni ina nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Panya wa Akita alikuwa na nakala moja mbovu na tatu nzima. Kama tatizo lingekuwa upungufu tu, robo tatu iliyobaki ingetosha. Lakini sisteini isiyo na mwenzake hung'ang'ania proinsulini nzima zilizo karibu, na kuzikwamisha nazo ndani ya mtandao. Mtandao hujaa na kuvimba. Seli hujaribu kujiokoa: hupunguza usomaji wa nakala, huongeza wasaidizi, na kuvunja zilizoharibika. Hali hiyo ikidumu, seli yenyewe hufa. Hadubini ya elektroni huonyesha mitandao iliyofura na chembe chache za akiba.

Mwaka 2007 watafiti walieleza watoto wenye makosa ya namna hiyo katika jeni ya insulini. Wengi wao walipata kisukari ndani ya miezi 6 ya kwanza ya maisha. Umri huo ni muhimu, kwa sababu kisukari aina ya kwanza, kile kinacholetwa na kinga ya mwili, ni nadra sana kuanza mapema hivyo. Mtoto anayegunduliwa na kisukari kabla ya miezi 6 anastahili kupimwa jeni, kwa kuwa aina nyingine za kisukari cha umri huo hutibika kwa vidonge badala ya sindano. Wale ambao proinsulini yao haikunjiki huhitaji insulini.

Kosa likiwa mahali pengine katika molekuli ileile, matokeo hubadilika. Kuna familia ambazo kosa lao liko kwenye zile asidi amino za alama zinazoonyesha mahali pa kukata. Proinsulini yao hukunjwa vizuri, hutoka mtandaoni, hupita Golgi na kufika akibani, lakini upande mmoja haukatwi. Damu yao huwa na kiasi kikubwa cha molekuli zilizokatwa nusu. Kwa kuwa seli zao hazisongwi na protini mbovu, wengi wao huishi bila kisukari au wakiwa nacho kidogo. Katika kisukari aina ya pili pia, seli beta zilizochoshwa na mahitaji makubwa hutoa chembe kabla mkato haujakamilika, na sehemu ya proinsulini katika damu huongezeka.

Bakteria, hamira na sindano

Hadi miaka ya 1980 mwanzoni, insulini ya sindano ilitoka kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. Mwaka 1978 wanasayansi nchini Marekani walifanikiwa kutengeneza insulini ya binadamu kwa bakteria, na mwaka 1982 dawa hiyo ikaidhinishwa. Bakteria hana mtandao wala Golgi. Hutengeneza mnyororo, lakini mnyororo huo hujikusanya ndani yake kuwa donge lisilo na umbo. Mwanzoni minyororo miwili ilitengenezwa katika bakteria tofauti na kuunganishwa nje. Baadaye viwanda vilianza kutengeneza proinsulini nzima, kuiyeyusha, kuipa kemia inayoruhusu viungo vya salfa kufunga, kisha kuikata kwa vimeng'enya. Yaani watu wanafanya kwa mapipa na dawa kile ambacho seli beta hufanya ndani ya mifuko yake.

Njia nyingine hutumia hamira, ukoo uleule wa hamira inayoumua mkate. Hamira ni seli yenye kiini, mtandao na Golgi. Wanasayansi huipa jeni ya umbo fupi la proinsulini, lenye kipande kidogo sana mahali pa peptidi C, na mbele yake huweka kitambulisho ambacho hamira inakitambua. Hamira huingiza protini mtandaoni, huikunja, huipitisha Golgi na kuimwaga nje, na kiwanda huichota kutoka kwenye maji na kuikata. Jeni nyingi zinazoendesha usafiri huo ziligunduliwa katika hamira na Randy Schekman, aliyetafuta hamira zilizoshindwa kutoa protini na kuangalia zilikwama hatua gani. Alishiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2013.

Kusoma peptidi C

Peptidi C ikishakatwa haitupwi. Hubaki katika chembe ya akiba pamoja na insulini, na zote mbili humwagwa kwa pamoja, molekuli moja kwa moja. Ini hukamata karibu nusu ya insulini inapopita mara ya kwanza, na inayobaki huisha katika damu kwa dakika chache. Peptidi C huliepuka ini na kudumu kwa kama nusu saa au zaidi. Insulini ya sindano, iwe ya bakteria au ya hamira, haina peptidi C, kwa sababu ilisafishwa kiwandani. Kwa hiyo peptidi C katika damu ni ushahidi wa kile kilichotengenezwa na seli beta za mgonjwa mwenyewe.

Chukua mfano wa mtu anayeletwa hospitali akiwa amezirai, jasho likimtoka, na sukari yake ya damu imeshuka sana. Daktari anachukua damu kabla ya kumpa glukosi, naye anakuta insulini iko juu ingawa sukari iko chini. Insulini hiyo imetoka wapi? Kama peptidi C nayo iko chini, insulini iliingia kwa sindano. Kama peptidi C iko juu pia, insulini imetoka kwenye kongosho lake, na hapo kuna mambo mawili ya kutafuta kwanza: uvimbe wa seli beta unaotoa insulini bila kusubiri ishara, au vidonge kama glibenklamaidi. Vidonge hivyo hufunga ile milango ya potasiamu hata kama glukosi ni kidogo, hivyo huilazimisha seli kumwaga akiba yake. Kipimo cha peptidi C hakiwezi kutenganisha uvimbe na kidonge, kwa hiyo daktari huagiza pia kipimo cha dawa hizo katika damu.

Kipimo hichohicho husaidia pale mtu mzima ametumia insulini kwa miaka kadhaa na haijulikani ana kisukari cha aina gani. Peptidi C iliyo chini ya pikomoli 200 kwa lita huonyesha kwamba seli beta zimebaki chache sana, kama ilivyo katika aina ya kwanza. Iliyo juu ya 600 huelekeza kwenye aina ya pili. Kati ya hapo jibu haliko wazi. Kipimo kina masharti yake: kisichukuliwe wakati sukari iko chini, kwa kuwa hata seli nzima hunyamaza hapo, wala mara tu baada ya mgonjwa kutoka katika hali ya hatari, kwa kuwa seli zilizozidiwa na sukari nyingi huhitaji majuma kadhaa kupata nguvu. Na kwa mwenye figo dhaifu namba huweza kuwa juu isivyo kweli, kwa kuwa peptidi C huondolewa na figo.

Kwa hiyo mgonjwa anayeambiwa akapime peptidi C anapimwa kitu ambacho hakimo katika dawa anayojidunga. Ni kipande kilichoshikilia proinsulini yake mwenyewe ilipokuwa ikikunjwa mtandaoni na kikakatwa baada ya kupita Golgi. Kikiwepo cha kutosha, seli zake bado zinafanya kazi hiyo, na daktari ana sababu ya kufikiria matibabu yanayozitumia. Kikikosekana, sindano haiwezi kuachwa hata siku moja.